Shajara ya mradi: Anachokiona aliyeketi mbele ya kompyuta tunapoingia kwa mbali

Jumatatu, wiki ya kwanza

Nimeanza kuandika shajara hii kwa sababu mradi umekwama mahali ambapo hatukupatarajia. Kuunganisha kompyuta 14 za ofisi ili tuzihudumie kutoka chumba kingine kulichukua nusu siku. Zote zinatumia Windows 11 Pro, zote zina Remote Desktop, na zote tunazifikia bila shida. Kilichoharibika ni uhusiano wetu na watu wanaozitumia. Ndani ya siku tatu tulipata malalamiko matano, na yote yalifanana: skrini inajifunga yenyewe mtu akiwa katikati ya kazi, anaandika nenosiri lake, anafanya kazi dakika moja, kisha inajifunga tena.

Mwenzangu aliamini kwamba ni ule muda wa kujifunga wa kawaida umewekwa mfupi mno. Nami niliamini hivyo mpaka mhudumu wa mapokezi aliponipigia simu na kusema, "Kaka, kila ukiingia kunitengenezea printa unanifungia mlango." Alikuwa amegundua jambo ambalo sisi wenye utaalamu hatukuligundua: kufungwa kwa skrini yake kulikuwa na saa zilezile za kuingia kwetu.

Kwa hiyo nimeamua kwamba kabla hatujaendelea na sehemu nyingine yoyote ya mradi, tutajaribu kila namna ya kuingia huku mtu mmoja akiwa ameketi mbele ya kompyuta yenyewe na kuandika anachokiona. Kompyuta ya majaribio ni PC-07. Akaunti tatu zitatumika: `ofisi`, ambayo wafanyakazi kadhaa wanaitumia kwa pamoja, `mapokezi`, na `msaada`, ambayo ni yetu na ina mamlaka ya msimamizi.

Jumanne, wiki ya kwanza

Jaribio la kwanza lilikuwa rahisi kuliko yote, na ndilo lililoeleza karibu malalamiko yote. Mwenzangu aliketi mbele ya PC-07 akiwa ameingia kwa akaunti ya `ofisi`, akafungua jedwali la hesabu na kuanza kuandika. Mimi nikaingia kwa mbali nikitumia akaunti hiyohiyo ya `ofisi`.

Hakuulizwa chochote wala hakuonywa. Jedwali lilitoweka mbele yake na mahali pake ikaja skrini ya kufungia, ile yenye saa na picha, kana kwamba amebonyeza mwenyewe vitufe vya kufunga. Kwangu mimi jedwali lilelile lilitokea likiwa na herufi ya mwisho aliyoiandika, kishale kikiwa palepale alipokiacha. Sauti iliyokuwa ikitoka katika spika zake ilihamia kwangu, maana mpangilio wa kawaida wa Remote Desktop unapeleka sauti kwa aliyeunganisha.

Ili kueleza kilichotokea ni lazima nifafanue neno moja tutakalolitumia mara nyingi, nalo ni kipindi. Mtu anapoingia katika akaunti yake, Windows humfungulia kipindi chenye namba: ndani yake mna madirisha yake yote, programu zinazoendeshwa na faili alizofungua. Kipindi hicho hakijafungwa kwenye skrini fulani. Kinaweza kuning'inizwa kwenye skrini ya mezani, kikahamishiwa kwenye muunganisho wa mbali, au kikaachwa bila skrini yoyote huku programu zake zikiendelea kufanya kazi. Toleo la Windows la kompyuta za mezani linaruhusu kipindi kimoja tu kiwe hai mbele ya mtu kwa wakati mmoja. Mimi nilipotoa jina na nenosiri la `ofisi`, Windows iliona kwamba mwenye akaunti amekuja kutoka mahali pengine na anataka kazi yake, ikamhamishia. Kwa mtazamo wake hapakuwa na mtu wa pili wa kuulizwa ruhusa.

Hapo ndipo kosa letu lilipo. Tulidhani mashine inamtambua aliyeketi, kumbe inaitambua akaunti.

Uthibitisho tuliupata kwa amri ya `query session` niliyoiendesha baada ya kuingia:

```
 SESSIONNAME    USERNAME     ID  STATE
 services                     0  Disc
 console                      3  Conn
>rdp-tcp#4      ofisi         2  Active
 rdp-tcp                  65536  Listen
```

Kipindi namba 2 ndicho kilichokuwa cha mwenzangu, na sasa kimehamia kwenye `rdp-tcp#4`, yaani kwangu. Neno `console` ndiyo skrini ya mezani: imepewa kipindi kipya namba 3 kisicho na mtu ndani yake, na hicho ndicho kinachochora skrini ya kufungia anayoitazama. Kipindi namba 0 ni cha huduma za mfumo, nacho kimetengwa na vipindi vya watu tangu Windows Vista. Mstari wa mwisho ni sikio linalosubiri miunganisho mipya, na namba yake kubwa isimtishe mtu.

Jumanne jioni

Mwenzangu alifanya kile ambacho kila mtu aliyefungiwa angekifanya: aliandika nenosiri la `ofisi`. Papo hapo mimi nilitupwa nje, na dirisha langu likanipa ujumbe kwamba mtumiaji mwingine ameunganisha kwenye kompyuta hiyo na kwa sababu hiyo muunganisho wangu umekatika. Nikaingia tena, naye akafungiwa. Akaandika nenosiri, nami nikatupwa. Tuliendelea hivyo mara nne tukicheka, lakini nilikumbuka kwamba wiki iliyopita nilipokea ujumbe huohuo nikiwa nahudumia PC-03, nikadhani mtandao ni mbovu, nikaunganisha tena mara tatu. Upande wa pili alikuwako mtu mwenye haraka ambaye naye alidhani kompyuta yake ni mbovu. Tulikuwa tukinyang'anyana kipindi kimoja bila kujuana.

Jambo jingine aliloliona mwenzangu aliporudishiwa kipindi chake ni kwamba madirisha yake hayakuwa mahali alipoyaacha. PC-07 ina skrini mbili, na mimi niliingia kutoka kompyuta ndogo yenye skrini moja. Kipindi kinapohamia kwa mtu wa mbali huchukua vipimo vya skrini yake, kwa hiyo madirisha yaliyokuwa kwenye skrini ya pili yalisukumwa yote kwenye ile moja. Mtu anayerudi na kukuta madirisha yamerundikana upande mmoja ana haki ya kuamini kwamba kuna aliyepekua kazi zake.

Jumatano, wiki ya kwanza

Kabla ya kwenda kuwaomba radhi watu nilitaka kuwa na hakika kwamba kufungwa kwa skrini kulitokana nasi, si na muda wa kujifunga. Windows huandika mambo haya katika kumbukumbu ya matukio ambayo wengi hawaifungui:

```
wevtutil qe Microsoft-Windows-TerminalServices-LocalSessionManager/Operational /c:20 /rd:true /f:text
```

Amri hii hutoa matukio 20 ya karibuni, jipya likiwa la kwanza. Tukio namba 21 ni mtu kuingia upya, 23 ni kutoka kabisa, 24 ni kipindi kukatwa kutoka kwenye skrini, na 25 ni kipindi kilichokuwapo kuunganishwa tena. Kinachotofautisha mezani na mbali ni anwani iliyoandikwa ndani ya tukio: aliyerudi akiwa ameketi mbele ya kompyuta huandikwa `LOCAL`, na aliyetoka mbali huandikwa anwani ya mtandao ya kompyuta yake.

Katika kompyuta ya mapokezi nilikuta mfululizo wa matukio namba 25 yaliyopokezana: anwani ya kompyuta yangu, kisha `LOCAL`, kisha anwani yangu tena, yote ndani ya dakika sita. Skrini iliyojifunga kwa sababu ya kuachwa muda mrefu haiachi alama za namna hii hata kidogo, kwa sababu kufunga skrini tu hakukihamishi kipindi. Kipindi hubaki kwenye `console` kikiwa na pazia juu yake. Kufunga na kufungua huandikwa katika kumbukumbu ya usalama kwa namba 4800 na 4801, tena pale tu ukaguzi wa matukio hayo unapokuwa umewashwa. Kwetu haukuwa umewashwa, nami nimeuwasha leo.

Nilikwenda mapokezi nikamwonyesha mhudumu karatasi yenye saa hizo. Alizilinganisha na saa alizoziandika mwenyewe pembeni mwa daftari lake. Zililingana zote isipokuwa moja, na hiyo moja akakiri kwamba alikuwa amekwenda kunywa chai.

Alhamisi, wiki ya kwanza

Leo tumejaribu kuingia kwa akaunti tofauti. Mwenzangu aliketi akiwa ndani ya `mapokezi`, mimi nikaingia kwa `msaada`.

Mambo yalibadilika. Kwanza mimi niliarifiwa kwamba kuna mtumiaji mwingine ndani, na kwamba nikiendelea atakatwa. Nilipokubali, mwenzangu alitokewa na kisanduku kilichotaja jina la akaunti yangu na kusema kwamba inataka kuunganisha kwenye kompyuta yake. Alipewa chaguo mbili: kukubali na kukatwa mara moja, au kukataa na kubaki. Alipokataa, mimi niliambiwa nimekataliwa, na kazi yake haikuguswa.

Hata hivyo kisanduku hicho kina sekunde 30 tu. Mara ya pili mwenzangu alikiacha bila kugusa kitu, na sekunde zilipokwisha skrini yake ilifungwa nami nikaingia. Ukimya unahesabiwa kuwa ridhaa. Kwa mtu aliyekwenda kuchukua karatasi kwenye printa, sekunde hizo ni sawa na kutoulizwa. Na kama alikuwa amefunga skrini yake kabla ya kuondoka, basi hakuna hata wa kukiona kisanduku. Skrini iliyofungwa inazuia macho ya wapita njia, lakini haimzuii mtu mwenye akaunti ya msimamizi kuingia kwa mbali na kuuchukua mlango wa mashine.

Nilitaka kujua kazi ya mwenzangu iko katika hali gani wakati mimi nimo ndani. Amri ya `query user` ilionyesha `mapokezi` katika hali ya `Disc`, yaani kipindi kimekatwa kutoka kwenye skrini. Hakijafungwa: barua aliyokuwa akiiandika bila kuihifadhi ilikuwa bado hai katika kumbukumbu ya kompyuta, na aliporudi aliikuta. Hatari iko kwangu niliye ndani. Nikimaliza kuweka programu na kuiwasha upya mashine, barua ile hupotea. Windows hunionya kwamba kuna mtu mwingine bado anaitumia kompyuta na huenda akapoteza kazi ambayo haijahifadhiwa, lakini ni onyo ambalo msimamizi mwenye haraka hulipita kwa kubofya mara moja. Tumekubaliana kwamba hakuna kuwasha upya mashine yoyote kabla ya kuendesha `query user` na kusoma hali ya kila aliyetajwa.

Jambo la kutia moyo kidogo: nilijaribu kuingia kwa nenosiri lisilo sahihi mara tatu. Mwenzangu hakuona chochote. Pale ambapo uhakiki wa ngazi ya mtandao umewashwa, kama ulivyo kwetu, nenosiri linapimwa kabla kipindi chochote hakijaguswa, kwa hiyo anayebahatisha maneno hawezi kumfungia mtu skrini.

Ijumaa, wiki ya kwanza

Tumefuta matumizi ya akaunti za wafanyakazi katika kazi za msaada. Kuanzia leo tunaingia kwa `msaada` pekee. Manenosiri ya akaunti zao yamebadilishwa na wao wenyewe, nasi hatuyajui. Malalamiko yalikoma siku hiyohiyo, lakini tatizo halijaisha, maana nikiingia kwa `msaada` siioni kazi ya mtu aliyekwama. Naona eneo-kazi langu mwenyewe tupu. Mtu akisema "menyu yangu imepotea", njia hii hainifikishi kwenye menyu yake.

Jumatatu, wiki ya pili

Windows ina njia nyingine ya kuingia ambayo haichukui kipindi, bali hukitazama kikiwa palepale kwenye skrini ya mwenyewe. Inaitwa kivuli, kwa jina linaloandikwa katika amri, `shadow`, na imo katika programu ileile ya Remote Desktop tangu Windows 8.1. Mwombaji lazima awe na mamlaka ya msimamizi kwenye mashine inayotazamwa, na lazima ajue namba ya kipindi:

```
query session /server:PC-07
mstsc /v:PC-07 /shadow:1 /control
```

Safari hii mwenzangu aliona kisanduku kinachomwambia kwamba `msaada` anaomba kukidhibiti kipindi chake, akabofya kukubali. Skrini yake haikufungwa. Alibaki akiona kila kitu, na kishale cha kipanya kikawa kinatembezwa na watu wawili. Nilimwambia kwa simu abofye mahali fulani, nikamwonyesha kwa kuzungusha kishale, akabofya mwenyewe. Hii ndiyo huduma tuliyoitaka tangu mwanzo.

Mambo mawili yalitusumbua kabla haijafanya kazi. La kwanza ni ulinzi wa mtandao wa Windows: kivuli hakipiti kwenye mlango namba 3389 kama Remote Desktop ya kawaida, na ilibidi kuruhusu kanuni maalumu ya kivuli iliyomo tayari kwenye orodha pamoja na ile ya kushiriki faili inayotumia mlango namba 445. La pili ni sera ya ruhusa, ambayo nitaieleza kwa urefu kwa sababu hapo ndipo heshima ya aliyeketi inapolindwa au kuvunjwa.

Sera hiyo huhifadhiwa kama namba katika sajili ya Windows:

```
reg query "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows NT\Terminal Services" /v Shadow
```

Namba 0 inazuia kivuli kabisa. Namba 1 inaruhusu udhibiti kamili baada ya aliyeketi kukubali, na 2 inaruhusu udhibiti kamili bila kumuuliza. Namba 3 ni kutazama tu kwa ruhusa yake, na 4 ni kutazama tu bila ruhusa. Yaani kwa kubadilisha tarakimu moja na kuongeza `/noConsentPrompt` kwenye amri, msimamizi anaweza kutazama kila anachokiandika mtu bila huyo mtu kujua. Tulilijaribu jambo hili kwa idhini ya mwenzangu. Nilikaa ndani ya skrini yake dakika kumi na mbili. Hakukuwa na ukanda wa rangi, hakukuwa na alama karibu na saa, hakukuwa na mlio. Alinitambua tu pale nilipokisogeza kishale.

Programu nyingine za kusaidia kwa mbali hufanya vinginevyo. Chrome Remote Desktop, kwa mfano, humwekea aliyeketi ukanda unaosema kwamba eneo-kazi lake linashirikiwa, ukiwa na kitufe cha kusitisha. Mimi naona ukanda huo una thamani kubwa kuliko kisanduku cha mwanzoni, kwa sababu mtu anaweza kukubali saa tatu na kusahau saa nne kwamba bado anatazamwa. Kivuli cha Windows hakina kitu cha namna hiyo, kwa hiyo tumeweka namba 1 kwenye kompyuta zote, na tumejiwekea sharti kwamba anayesaidia abaki kwenye simu muda wote na aseme kwa sauti anapoondoka.

Jumanne, wiki ya pili

Leo ni zamu ya skrini iliyofungwa chini ya kivuli. Nikiwa ndani ya kipindi cha mwenzangu, alifunga skrini yake kwa vitufe vya Windows na L. Dirisha langu liligeuka jeusi likabaki na alama ya kusitisha katikati. Muunganisho haukukatika, alipofungua kwa nenosiri lake, picha ilirudi.

Alama hiyohiyo ilitokea nilipojaribu kuweka programu inayohitaji idhini ya msimamizi. Mwenzangu aliona skrini yake ikififia na kisanduku cha kuomba idhini kikitokea, huku mimi nikitazama weusi. Sababu ni moja katika hali zote mbili. Windows huchora skrini ya kufungia na kisanduku cha idhini kwenye eneo-kazi la pekee lililotengwa na programu za kawaida, ili programu yoyote isiweze kuyasoma au kuyabofya kwa niaba ya mtu. Kivuli hakiruhusiwi kuingia humo.

Kwa mhudumu wa kompyuta hili lina maana ya moja kwa moja. Ikiwa kazi inahitaji idhini ya msimamizi na aliyeketi hana mamlaka hayo, kivuli hakitaimaliza. Kuna wanaoshauri kuzima lile eneo-kazi la pekee ili kisanduku kionekane kwa anayesaidia. Tumekataa, kwa sababu tungekuwa tunaiondolea mashine kinga ya kila siku kwa ajili ya usumbufu wa mara moja kwa wiki. Tunafanya hivi: tunatazama tatizo kwa kivuli, tunakubaliana na mwenyewe saa ya kuingia, anahifadhi kazi zake, kisha tunaingia kwa `msaada` na kumkata kwa hiari yake.

Alhamisi, wiki ya pili

Ile kompyuta inayoonyesha namba za foleni ukumbini ilikuwa imesahauliwa katika hesabu zetu. Haina mtu aliyeketi, ila ina watu wapatao ishirini wanaoitazama kwa wakati mmoja. Asubuhi niliingia kwa akaunti yake ya `foleni` kubadilisha mpangilio wa saa, nikafunga dirisha langu na kuendelea na kazi nyingine. Baada ya robo saa nikaitwa: ukumbini skrini kubwa ilikuwa inaonyesha picha ya mlima na saa.

Kufunga dirisha la Remote Desktop hakurudishi kipindi kwenye skrini ya mezani. Kipindi kinabaki kimening'inia bila skrini, na mezani panabaki pamefungwa mpaka mtu aandike nenosiri. Programu ya foleni ilikuwa ikiendelea kuhesabu, lakini hapakuwa na mahali pa kuchora namba.

Dawa yake ni kuondoka kwa kukihamishia kipindi kwenye `console` badala ya kufunga dirisha. Nimeweka faili fupi kwenye eneo-kazi la akaunti hiyo, nayo huendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi:

```
for /f "skip=1 tokens=3" %%s in ('query user %USERNAME%') do (
  %windir%\System32\tscon.exe %%s /dest:console
)
```

Mistari hii husoma namba ya kipindi changu na kukikabidhi kwa skrini ya mezani. Mimi nakatwa papo hapo, na ukumbini skrini inarudi ikiwa wazi, bila kuombwa nenosiri. Neno "wazi" nimelisoma mara mbili kabla ya kuliandika hapa. Kwa skrini ya foleni ndicho tunachokitaka. Kwa kompyuta ya mhasibu, mtu akitumia faili hii akiwa nyumbani usiku, ataiacha mezani skrini iliyofunguliwa na hesabu za ofisi mbele ya yeyote anayepita. Faili hiyo iko kwenye mashine hiyo moja tu na itabaki hapo.

Amri ya `tscon` ina sifa nyingine iliyonifanya nipunguze idadi ya wasimamizi. Kwa kawaida, kuchukua kipindi cha mtu mwingine kwa amri hiyo kunahitaji nenosiri la mwenye kipindi. Lakini ikiendeshwa kwa mamlaka ya mfumo wenyewe, yaani akaunti ya SYSTEM, haiulizi. Mwaka 2017 mtafiti wa usalama Alexander Korznikov alionyesha hadharani jinsi msimamizi wa kawaida anavyoweza kujipatia mamlaka hayo na kuingia katika kipindi kilichokatwa cha mtu mwingine, pamoja na kila kitu alichokiacha kimefunguliwa. Kwa hiyo kile kipindi cha `Disc` nilichokisifu kwa kuhifadhi barua ya mwenzangu, kikiachwa siku nzima, ni mlango unaosubiri mwenye ufunguo wa mfumo. Tulikuwa wasimamizi wanne. Sasa tumebaki wawili.

Ijumaa, wiki ya pili

Nimepita kwenye meza zote na kumwonyesha kila mtu visanduku viwili kwa macho yake: kile cha kuomba kutazama, na kile cha sekunde 30 cha kuomba kumkata. Watu walikuwa hawajawahi kuambiwa kwamba wanaruhusiwa kukataa. Mhudumu wa mapokezi alikataa ombi langu la majaribio mara tatu mfululizo ili kuhakikisha, akaridhika.

Yamebaki mawili. Mashine mbili nyingine, zilizo kwenye chumba cha mikutano nje ya zile 14, zina Windows 11 Home, ambayo haipokei Remote Desktop kabisa, na tutazihudumia kwa Quick Assist, ambapo aliyeketi huandika msimbo anaopewa na anayesaidia na kukubali kabla ya kutazamwa. Jumatatu nitapima jinsi inavyofanya skrini ikifungwa katikati. Na seva ya faili haijaguswa: yenyewe huruhusu wasimamizi wawili kuwa ndani kwa wakati mmoja, kila mmoja na kipindi chake, bila kumkata aliye mezani, kwa hiyo majaribio yangu yote ya wiki hizi mbili hayaihusu na itahitaji ukurasa wake.